Nani Bado Anafika Dirishani? Kuunda Mfumo wa Ufuatiliaji na Tathmini wa Mradi wa Tiba ya Methadoni

Mnamo Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara kwa ajili ya waraibu wa heroini. Mwaka 2012 ilifuata Hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni, kisha Hospitali ya Temeke mwaka 2014. Huduma hizi zilianzishwa na Serikali kwa msaada wa fedha za mpango wa Marekani wa PEPFAR, na kila mradi wa namna hii hutakiwa kumweleza mfadhili kila kipindi ni nini kimefanyika na kimeleta mabadiliko gani. Chombo cha kujibia swali hilo huitwa mfumo wa ufuatiliaji na tathmini. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda mfumo huo kwa kliniki ya methadoni, na hasa jinsi ya kuchagua viashiria vinavyoweza kumwambia mtoa huduma habari mbaya mapema, mgonjwa angali anaweza kusaidiwa.

Takwimu za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke hazikutumika katika hesabu zinazofuata. Hesabu zote ni za kufundishia tu, zimetungwa kwa kliniki ya mfano iliyoko pembezoni mwa Dar es Salaam.

Mambo ya tiba yanayoongoza kipimo

Kiashiria kizuri hutokana na kuijua tiba yenyewe. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mtoa huduma. Huondoa arosto na kupunguza hamu ya heroini, lakini haifanyi kazi hiyo kwa siku moja. Mgonjwa huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 30 au pungufu, kwa sababu dozi kubwa ya mwanzo inaweza kusimamisha pumzi. Dozi huongezwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi kufikia kiwango kinachomtosha; Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dozi za kudumu kwa kawaida huwa kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: dawa haijatosha, nauli ya kila siku inahitajika, na kijiwe cha zamani bado kinaita. Pili, faida ya tiba hii hupatikana kwa kubaki ndani yake. Anayeacha katikati hurudi katika hatari ya kujidunga, ya maambukizi ya VVU na ya homa ya ini. Tena hatari ya kufa kwa kuzidisha heroini huongezeka, kwani mwili wake umepoteza sehemu ya ustahimilivu uliokuwa nao. Kwa hiyo swali kuu la mfumo wote ni moja: kati ya watu waliofika na kuanza dawa, ni wangapi bado wanafika dirishani?

Kiashiria kisichoshuka hakitoi onyo

Miradi mingi hupenda kiashiria cha "idadi ya watu waliowahi kuandikishwa". Ni rahisi kukihesabu, na kila ripoti huonesha ongezeko. Kasoro yake ni kwamba hakiwezi kushuka. Tuseme kliniki ya mfano imewahi kuandikisha watu 500 tangu ifunguliwe. Hata kama 300 kati yao wameacha tiba, ripoti itaendelea kusema 500, na mwezi ujao itasema 510.

Idadi ya wanaokunywa dawa kwa sasa ni bora kidogo, lakini nayo huficha jambo. Watu 20 wakianza na wengine 20 wakaacha ndani ya mwezi huohuo, idadi hubaki palepale, na msomaji wa ripoti hudhani kwamba kliniki imetulia.

Kiashiria cha PEPFAR kiitwacho KP_MAT huhesabu watu wanaojidunga ambao wamekuwa kwenye tiba kwa angalau miezi 6. Kinamfaa mfadhili anayetaka kujua ni wangapi wamepata tiba ya muda wa kutosha, na mradi unaotakiwa kukiripoti hukiripoti kama kilivyofafanuliwa. Hata hivyo, aliyeacha dawa mwezi wa pili hamo ndani yake. Kiashiria hicho hakina asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ambayo ingeonesha ni wangapi walianza safari. Ndiyo maana kliniki huhitaji kiashiria chake cha ziada kwa matumizi yake yenyewe.

Kiashiria hicho ni asilimia ya walioanza dawa katika kipindi kimoja ambao bado wako kwenye tiba baada ya miezi 12. Watu walioanza pamoja hufuatwa kama kundi moja, mithili ya wanafunzi wa darasa moja, na kila mmoja wao lazima ajulikane alipo mwisho wa mwaka.

Fafanuzi huja kabla ya hesabu

Tuchukue kundi la walioanza dawa kati ya Januari na Machi katika kliniki ya mfano. Walikuwa 120. Baada ya miezi 12, 78 bado wanakunywa dawa hapo, 12 wamehamishiwa kliniki nyingine kwa barua na kliniki hiyo imethibitisha kuwapokea, 4 wamefariki, na 26 hawajulikani walipo.

Mtakwimu asiyepewa ufafanuzi anaweza kutoa majibu manne kutokana na kundi hilo moja. Akiwahesabu waliohamishwa kama waliopotea, atapata 78 kwa 120, yaani asilimia 65. Akiwahesabu kama waliobaki, atapata 90 kwa 120, yaani asilimia 75. Akiwatoa waliohamishwa katika asili, atapata 78 kwa 108, yaani asilimia 72. Na akifuta kwenye orodha waliopotea na waliofariki pia, kwa hoja kwamba "si wateja wetu tena", atapata 78 kwa 78, yaani asilimia 100. Jibu la mwisho ni upotoshaji, ingawa hutokea bila nia mbaya pale rejesta inapo"safishwa" kila robo mwaka kwa kuondoa majina ya wasiofika.

Kwa hiyo mfumo huandika ufafanuzi kabla ya kuanza kuhesabu. Mfano: "Aliyeanza" ni yule aliyekunywa dozi ya kwanza, aliyefanyiwa usaili tu hahesabiwi. "Aliyepotea" ni yule aliyekosa dawa siku 30 mfululizo bila uhamisho uliothibitishwa. Aliyehamishwa hutolewa kwenye asili ikiwa tu kliniki iliyompokea imethibitisha; barua peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuondoka na barua na asifike. Aliyefariki hubaki kwenye asili, maana kifo ni matokeo ambayo mradi unapaswa kuyatazama. Kwa ufafanuzi huu, kliniki ya mfano ina asilimia 72.

Suala la uhamisho lina uzito wa pekee Dar es Salaam. Kliniki mpya inapofunguliwa karibu na makazi ya wagonjwa, wanaohamia mara nyingi ni wale waliokwisha kuimarika. Kliniki mama huonekana kupoteza watu, na kliniki mpya huonekana kuwa hodari tangu mwezi wa kwanza, ilhali hakuna lililobadilika ila mahali pa kunywea dawa. Mgonjwa mmoja pia anaweza kuhesabiwa mara mbili kama mpya. Dawa ya tatizo hili ni namba moja ya utambulisho inayomfuata mgonjwa popote aendako, pamoja na tarehe yake ya kwanza kabisa ya kuanza tiba.

Hali ya awali: huchukuliwa lini na kwa nani

Hali ya awali ni kipimo cha mwanzo ambacho vipimo vyote vya baadaye hulinganishwa nacho. Kliniki mpya huandika sifuri katika safu hiyo, kwa kuwa huduma haikuwapo. Sifuri hiyo ni sahihi kwa idadi ya wanaotibiwa, lakini haifai kwa tabia na afya ya watu, kwa sababu hayo yalikuwapo kabla ya mradi.

Kiashiria cha matokeo kinachofaa hapa ni asilimia ya watu waliojidunga katika siku 30 zilizopita. Hali yake ya awali huchukuliwa kwa kila mtu siku ya usaili, kabla ya dozi ya kwanza. Ikiachwa siku hiyo haiwezi kurudishwa: mtu akiulizwa baada ya mwaka mmoja alijidunga mara ngapi kabla ya tiba, atajibu kwa kukisia. Swali liwe na sehemu mbili, kwa kuwa wapo wanaojidunga na wapo wanaovuta heroini iliyochanganywa na bangi au tumbaku. Asiyejidunga hawezi kuhesabiwa baadaye kama "aliyeacha kujidunga".

Tuseme kati ya wale 120, watu 96 walisema siku ya usaili kwamba walijidunga katika mwezi uliotangulia, yaani asilimia 80. Baada ya mwaka, kati ya 78 waliobaki, 9 bado wanajidunga, yaani karibu asilimia 12. Ripoti ya haraka itaandika kwamba kujidunga kumeshuka kutoka asilimia 80 hadi 12. Lakini asilimia ya kwanza ni ya watu 120 na ya pili ni ya watu 78, nao ni wale waliofanikiwa kubaki. Ulinganisho wa haki huwatazama walewale 78 siku ya usaili. Tuseme 60 kati yao walikuwa wakijidunga. Basi kushuka ni kutoka watu 60 hadi 9. Hayo ni mafanikio makubwa na hayahitaji kupambwa. Kisha ripoti huongeza sentensi moja ya uaminifu: watu 26 hawakupatikana, na hali yao haijulikani. Wakikisiwa wote kuwa bado wanajidunga, basi kati ya watu 104 ambao hawakuhama wala kufariki, wanaojidunga ni 35, yaani karibu asilimia 34. Ukweli uko kati ya mipaka hiyo miwili.

Anayeuliza swali hili naye ni sehemu ya kipimo. Mgonjwa akiulizwa na mtu yuleyule anayempimia dozi, anaweza kuficha ukweli kwa kuogopa kunyimwa dawa. Ni vema aulizwe na mshauri nasaha, faraghani, huku akielezwa waziwazi kwamba jibu lake halitampunguzia dozi kama adhabu.

Shabaha hutokana na hesabu ya watu

Shabaha ni kiwango ambacho mradi unaahidi kukifikia kwa tarehe fulani. Shabaha nyingi hutungwa kwa kupenda namba ya mviringo. Njia bora ni kuigeuza asilimia kuwa watu, kisha kuuliza watu hao watatoka wapi.

Kliniki ya mfano imeanzia asilimia 72. Ikijiwekea shabaha ya asilimia 78 kwa kundi la mwaka unaofuata, katika kila watu 108 wanahitajika 84 waliobaki badala ya 78. Tofauti ni watu 6. Swali lililobaki ni watu 6 gani. Rejesta inaonesha kwamba kati ya wale 26 waliopotea, 17 walipotea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa, na kazi inayofuata ni wazi: anayekosa dawa siku ya pili mfululizo apigiwe simu au afuatwe na mwelimishaji rika siku hiyohiyo, badala ya kungoja siku 30 zitimie ndipo aitwe aliyepotea. Kwa hiyo mfumo huongeza kiashiria cha utendaji: asilimia ya waliokosa siku 2 ambao walitafutwa ndani ya saa 24. Hiki hupimwa kila wiki, wakati kile cha miezi 12 hutoa jibu baada ya mwaka.

Dozi nayo inastahili kutazamwa, maana uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Dar es Salaam ulionesha kwamba waliokuwa kwenye dozi za chini ya miligramu 40 waliacha tiba zaidi kuliko wenye dozi za juu. Hapa kuna mtego. Mtu anayeacha katika wiki ya pili lazima awe na dozi ndogo, kwa kuwa kila mtu huwa na dozi ndogo katika wiki ya pili. Dozi ndogo inaweza kuwa sababu ya kuacha, au inaweza kuwa dalili tu kwamba aliacha mapema. Ili kutenganisha mawili hayo, kliniki huwachukua wote waliokuwapo siku ya 60, huangalia dozi zao siku hiyo, kisha hufuatilia nani anabaki baadaye.

Shabaha ya kuandikisha wapya hutokana na uwezo wa dirisha. Tuseme mgonjwa mmoja huchukua dakika 2, na dirisha hufunguliwa saa 6, yaani dakika 360. Dirisha moja huhudumia watu 180, mawili, 360. Kliniki sasa ina watu 310. Mfadhili akitaka wapya 200 kwa mwaka, na asilimia 72 wakabaki, hao ni 144. Hata kama wa zamani 40 wataondoka, jumla itakuwa 414, na madirisha mawili hayatatosha. Foleni itarefuka, wenye vibarua watashindwa kungoja, na wa kwanza kuacha watakuwa wale walioanza kupata kazi. Shabaha ya kuandikisha itakuwa imeiua shabaha ya kubaki. Hesabu hii ya nusu ukurasa, ikipelekwa kwa mfadhili kabla mkataba haujasainiwa, ndiyo hoja ya kuomba dirisha la tatu au kituo kingine.

Shabaha za nchi zisichanganywe na za kliniki. Mwongozo wa mashirika ya Umoja wa Mataifa huona kwamba nchi imefikia kiwango cha juu pale zaidi ya asilimia 40 ya wenye uraibu wa heroini na dawa za jamii yake wanapokuwa kwenye tiba. Hicho ni kipimo cha taifa, na asili yake ni makadirio. Kliniki moja haiwezi kulaumiwa wala kusifiwa kwacho.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu makundi madogo. Ikiwa kati ya wale 120 wanawake ni 12 tu, mwanamke mmoja ni zaidi ya asilimia 8 ya kundi lake. Akisafiri kwenda kumuuguza mama yake, asilimia huporomoka. Kwa kundi dogo hivyo, ripoti itaje watu badala ya asilimia: "walianza 12, wamebaki 9." Uchache wao wenyewe pia ni habari, nao huuliza kama saa za kliniki na njia ya kufika vinamfaa mama mwenye mtoto.

Kuhakiki kwa kutumia dawa yenyewe

Kliniki ya methadoni ina bahati ambayo miradi mingi haina: kila huduma huacha alama kwenye chupa. Tuseme rejesta inasema watu 300 walikunywa dawa siku fulani, na jumla ya dozi zao ni miligramu 24,000. Ikiwa kila mililita ina miligramu 5, ghala la mfamasia linapaswa kupungua mililita 4,800. Likiwa limepungua 4,200 tu, zimebaki mililita 600, yaani miligramu 3,000, ambazo ni sawa na dozi za watu 37 au 38 kwa wastani wa miligramu 80. Huenda wasiofika wametiwa alama ya kufika, au dozi zilipunguzwa bila kuandikwa. Dawa ikipungua zaidi ya rejesta, kuna dawa iliyomwagika au iliyotoka nje. Uhakiki huu ufanyike angalau siku moja kila mwezi, siku isiyotangazwa, na ufanywe na mtu asiyejaza rejesta hiyo.

Mgonjwa katika namba hizi

Mgonjwa anayesoma makala haya anaweza kujiuliza kwa nini huombwa namba ya simu ya ndugu au jina la mtaa anaoishi. Sababu ni ile simu ya siku ya pili. Ana haki ya kusema atafutwe kwa njia ipi, na kwamba anayemtafuta asitaje kliniki mbele ya watu. Ripoti zinazokwenda kwa mfadhili hubeba idadi, hazibebi majina. Anayehamia mkoa mwingine au nyumba ya upataji nafuu iliyo mbali aombe uhamisho kabla ya kuondoka, kwani humlinda asikose dawa njiani. Na aliyekwisha kukosa siku kadhaa arudi bila woga, lakini aseme ukweli ni siku ngapi: dozi yake ya zamani inaweza kuwa kubwa mno kwa mwili uliopumzika, na daktari atahitaji kuishusha kwanza.

Mfumo wote ulioelezwa hapa unaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Viashiria ni vinne: walioanza, kwa jinsia, waliotafutwa ndani ya saa 24 baada ya kukosa siku 2, waliobaki baada ya miezi 12, na wanaojidunga, wakilinganishwa na hali yao wenyewe ya awali. Mbele ya kila kiashiria huandikwa ufafanuzi wa namba ya juu na ya chini, hali ya awali na tarehe yake, shabaha na tarehe yake, rejesta inakotoka, na cheo cha anayewajibika kuihesabu. Ukurasa huo ubandikwe katika chumba ambamo wauguzi, mfamasia, maafisa ustawi wa jamii na waelimishaji rika hukutana kila wiki, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kumpigia simu mtu ambaye jana na leo hakufika dirishani.